Uwiano wa 2:3:3: esta mbili zinazowachanganya wanafunzi kwenye spektra ya protoni

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa binti mmoja anayesoma kemia katika chuo kimojawapo hapa Dar es Salaam. Aliandika hivi: "Shikamoo mwalimu. Nimehesabu vilele, nimepima maeneo, nimetumia kanuni ya n+1, vyote vimekubaliana na jibu langu, na bado nimepewa sifuri. Kosa liko wapi?" Swali lake lilikuwa la spektra ya NMR ya protoni ya kimiminika chenye fomula C4H8O2, na jibu lake lilikuwa methili propanoati. Jibu sahihi lilikuwa ethili asetati. Nimefundisha twisheni ya kemia kule Sinza kwa muda wa kutosha kujua kwamba wengi mnaonisoma mtakutana na swali hili au ndugu yake, kwa hiyo nalijibu hapa kwa urefu.

Tuanze na fomula, kwa kuwa huwa wanairuka. Kaboni nne zilizoshiba haidrojeni zingebeba haidrojeni 10, na oksijeni hazibadilishi hesabu hiyo. Hapa zipo 8. Pengo la haidrojeni mbili lina maana ya bondi maradufu moja au pete moja, na kwa kuwa kuna oksijeni mbili, dau la kwanza ni C=O ya esta au ya asidi. Asidi ingejitokeza kwa kilele kipana kwenye ppm 11 au 12, na karatasi ya binti huyu haikuwa na kitu huko. Tumebaki na esta.

Kwenye karatasi kulikuwa na vilele vitatu: kwateti kwenye 4.12, singleti kwenye 2.04 na tripleti kwenye 1.26. Juu ya kila kilele ulipita ule mstari unaopanda kama ngazi, na kimo cha kila ngazi ndicho kinachotuambia eneo la kilele. Chukua rula. Binti huyu alipata milimita 17, 25 na 24, jumla 66. Ukigawa 66 kwa haidrojeni 8 unapata milimita 8.25 kwa kila haidrojeni moja, na ngazi zake zinakuwa 2.06, 3.03 na 2.91. Hakuna ngazi itakayokupa namba kamili kabisa, kwa hiyo usiogope 2.91, hiyo ni 3. Kinachopaswa kukutisha ni 2.5. Kumbuka pia kwamba rula inatoa uwiano tu. Bila fomula, 2:3:3 ingeweza kuwa 4:6:6, na ni zile haidrojeni 8 zilizotufungia hesabu.

Kisha kupasuka kwa vilele. Kundi la haidrojeni lenye majirani n kwenye kaboni inayofuata hupasuka kuwa mistari n+1. Kwateti ya haidrojeni mbili ina majirani watatu, na tripleti ya haidrojeni tatu ina majirani wawili, yaani CH2 na CH3 zilizoshikana. Lakini "zinaonekana kushikana" si ushahidi. Ushahidi ni nafasi kati ya mistari. Mistari ya kwateti ilikuwa 4.147, 4.129, 4.112 na 4.094; tofauti ya wastani ni ppm 0.0177, na kwenye mashine ya megahezi 400 hiyo ni hezi 7.1. Mistari ya tripleti ilikuwa 1.278, 1.260 na 1.242, tofauti ppm 0.018, yaani hezi 7.2. Makundi yanayopasuana hupasuana kwa kiasi kilekile, na tofauti ndogo kama hii inatokana tu na kukadiria desimali. Laiti moja lingekuwa hezi 7 na lingine 12, ingebidi kila moja litafutiwe jirani mwingine.

Hapa niseme jambo ambalo bado linaniuma. Enzi zangu za chuo, ambacho sitakitaja, tulipewa spektra zilizodurufiwa mara nyingi hadi mistari midogo ilikuwa imefutika. Mistari ya kwateti ina urefu wa uwiano 1:3:3:1, hivyo ile miwili ya pembeni ndiyo hufa kwanza, na kinachobaki kinafanana na dableti. Kundi la isopropili ndilo lilitutesa zaidi, kwa kuwa mistari yake saba inafuata 1:6:15:20:15:6:1 na ya mwisho huzama kwenye mikwaruzo ya karatasi, ukahesabu mitano. Mhadhiri alikuwa akisema "inaonekana wazi" na kuendelea mbele. Haikuonekana. Kwa hiyo nakusihi, usihesabu mistari tu, pima na urefu wake: mitano ya kweli huenda 1:4:6:4:1, ambapo mstari wa pembeni ni robo ya ule unaofuata, wakati mitano iliyobaki ya isopropili huenda 6:15:20:15:6.

Sasa kwenye kiini cha sifuri ya binti huyu. Tunayo CH3CH2 iliyothibitishwa, tunayo CH3 ya pekee isiyo na jirani, na kati yake kuna C, O na O. Unaweza kuvipanga kwa njia mbili: CH3COOCH2CH3 au CH3OCOCH2CH3. Zote mbili zinatoa kwateti, singleti na tripleti, zote kwa uwiano wa 2:3:3. Ukitumia maeneo na kupasuka peke yake, huna haki ya kuchagua. Alichagua kwa kubahatisha, akadhani amekokotoa.

Kinachoamua ni mahali kilele kilipokaa. Oksijeni huvuta elektroni, na haidrojeni zilizo kwenye kaboni iliyoshikana nayo hupoteza kinga dhidi ya sumaku ya mashine, zikasogea kushoto hadi karibu na ppm 4. Zilizo kando ya C=O husogea kidogo tu, hadi 2 na ushee. Kwa hiyo uliza: nani yuko karibu na 4, kwateti au singleti? Kwenye ethili asetati ni kwateti, 4.12, na singleti iko 2.04. Kwenye methili propanoati ni singleti, karibu 3.67, na kwateti imeteremka hadi karibu 2.3. Tripleti haikusaidii, maana iko mbali na oksijeni kwa zote mbili na inabadilika kidogo tu. Ni swali la sekunde tano, na anayelikwepa asimlaumu msahihishaji.

Kwa mnaofanya kazi maabara, ethili asetati ina usumbufu mwingine. Ndiyo kiyeyushi tunachomimina kwenye kolamu kila siku, na isipokauka vizuri itakuja kukaa ndani ya spektra ya dutu yako katika CDCl3, ikiwa na vilele vyake vitatu palepale, pamoja na maji karibu na 1.56 na mabaki ya CHCl3 kwenye 7.26. Usivijengee molekuli. Weka CH3 mojawapo ya dutu yako iwe 3.00 na usome vingine: ukikuta 0.42, 0.63 na 0.63, uwiano wa 2:3:3 umetunzwa lakini hakuna molekuli yenye haidrojeni 0.42, na hapo una takriban moli 0.21 za kiyeyushi kwa kila moli ya dutu yako. Irudishe kwenye pampu ya ombwe na upige spektra upya. Vile vitatu vitapungua kwa pamoja, vyako vitabaki vilivyo.