Madaftari mawili ya ubia hayaoani: nani amekosea?

*Swali: Nilinunua viatu pea 200 na kulipia usafiri, mwenzangu anauza na kulipia stoo. Faida nusu kwa nusu, kila mtu na daftari lake. Tumefunga hesabu pea 40 zikiwa hazijauzwa. Daftari langu linasema namdai 252,000, lake linasema nadai 208,000 tu. Nani ananidanganya?*

Hakuna anayekudanganya. Toa 208,000 kwenye 252,000, utabaki na 44,000. Hizo ndizo zile pea 40 zilizoko stoo. Pesa yako imelala kwenye viatu, haiko mfukoni kwa mwenzako.

Nitafuata takwimu mlizonitumia. Wewe ulinunua kwa 200,000, yaani 1,000 kwa pea, na ukalipa usafiri 20,000. Mwenzako alilipa stoo na gharama za kuuzia 16,000, akauza pea 160 kwa 256,000. Kwa kuwa kila mmoja anaandika yake tu, faida haionekani katika daftari lolote kati ya hayo mawili. Inatafutwa kwenye karatasi ya tatu, akaunti ya kumbukumbu ya ubia, ambayo si sehemu ya leja ya mtu yeyote. Upande wa debiti mnaweka manunuzi na gharama zenu wote wawili, jumla 236,000. Upande wa krediti mnaweka mauzo 256,000 na mali iliyobaki 44,000, jumla 300,000. Faida ni 64,000, kila mtu 32,000.

Sasa kila mmoja anarudi kwenye daftari lake na fungu lake la faida. Wewe ulitoa 220,000, ongeza 32,000, unapata 252,000. Yeye alipokea 256,000, anaondoa gharama zake 16,000 na faida yake 32,000, anabaki na 208,000 ambazo si zake. Basi akulipe hizo 208,000, na 44,000 uzishushe kwenye kipindi kinachofuata kama salio la kuanzia, upande wa debiti. Akaunti yake yeye itaanza na sifuri.

Kama angeamua kuzichukua pea 40 ziwe zake, angejiandikia 44,000 upande wa krediti, na madaftari yote mawili yangesoma 252,000.

Hapo kwenye 44,000 ndipo ninapotaka mkae muda mrefu zaidi. Kila pea iligharimu 1,000, na usafiri wa 20,000 ukigawanywa kwa pea 200 unaongeza 100. Kwa hiyo pea moja ni 1,100, mara 40. Usafiri unaingia kwa sababu ndio uliovifikisha viatu hivyo mahali pa kuuzia. Gharama za kuuzia haziingii, wala kodi ya stoo ambako bidhaa zinasubiri mnunuzi. Hizo ni za kipindi kilichopita na zimeshaliwa na mauzo yake.

Wabia wengi hukosea kwa kuthamini mali iliyobaki kwa bei ya kuuzia. Mngefanya hivyo kwa 1,600, pea 40 zingekuwa 64,000, faida ingepanda hadi 84,000 na kila fungu kuwa 42,000. Linapendeza kwenye karatasi. Lakini mwenzako angekulipa 198,000 badala ya 208,000: yeye amejichukulia nyongeza ya 10,000 taslimu, wewe nyongeza yako imo ndani ya viatu ambavyo huenda visiuzike kwa bei hiyo. Na tofauti ya madaftari ingekuwa 64,000 kamili, sawasawa na thamani mliyoandika. Kwa hiyo kuoana kwa tofauti na mali iliyobaki kunathibitisha kwamba maandishi yamekaa sawa; hakuthibitishi kwamba bei mliyoweka ni ya haki. Bei lazima muikague peke yake. Na kama soko limeshuka kiasi kwamba pea haiwezi kuuzwa zaidi ya 900, andikeni 900, hata kama inauma.

Kabla ya yote hayo, nendeni stoo pamoja mhesabu. 200 kutoa 160 ni 40 kwenye karatasi. Mkikuta 38, pea mbili ni hasara ya ubia, au ni mauzo ambayo hayakuandikwa, na hilo linataka mazungumzo kabla ya kalamu.

Zikiuzwa zote baadaye, tuseme kwa 60,000 huku stoo ikila 4,000, mtatoa pia ile 44,000, ibaki faida ya 12,000. Daftari lako litasoma 44,000 na 6,000, yaani 50,000. Lake: 60,000, toa 4,000, toa 6,000, yaani 50,000. Stoo ikiwa tupu namna hiyo, madaftari yakitofautiana hata kwa mia moja, kuna ingizo lililorukwa, na hapo ndipo mlitafute.