Ngoma ya sikio hukuiona? Andika hivyo

Kwa wenzetu mnaoanza kazi kwenye zahanati na vituo vya afya vya Mbeya, Iringa na Njombe. Kuna kosa moja linalojirudia mtoto mwenye sindromu ya Down anapoletwa kliniki. Mhudumu anachungulia kwa otoskopu, anaona nta au ukuta wa mfereji tu. Mtoto hana homa, hashiki sikio, halii. Kwenye kadi anaandika: "Masikio mazuri." Kuanzia hapo kila anayeisoma kadi hiyo anaamini kuwa masikio yalishapimwa, na mtoto akichelewa kuongea inasemwa ndiyo hali yake, au ni mkaidi.

Masikio ya watoto hawa yana matatizo mawili, na la kwanza hulificha la pili. Karibu nusu yao huzaliwa na mfereji wa sikio mwembamba kuliko kawaida. Nta ambayo kwa mtoto mwingine ingesogea nje yenyewe, kwao hukwama, na kibonge kisichozidi punje ya ulezi chaweza kuziba njia yote. Nyuma ya ngoma nako, mrija unaounganisha sikio la kati na koo ni mfupi, umelala, na misuli inayoufungua mtoto anapomeza ni milegevu. Hewa iliyo ndani hufyonzwa na mwili, nyingine haiingii, na majimaji hujaa mahali pake. Yakikaa wiki nyingi huwa mazito kama ute wa yai, mwishowe kama gundi. Si usaha, hivyo hakuna homa, na mara nyingi hakuna maumivu. Ndiyo maana hatusubiri mtoto alalamike.

Namna ya kumshika ni muhimu kuliko mnavyofundishwa. Baadhi ya watoto hawa wana viungo vilegevu kati ya pingili mbili za juu za shingo, kwa hiyo usimkunje shingo wala kumzungusha kichwa kwa nguvu. Mkalishe kwa mama ubavu-ubavu, mkono mmoja wa mama ukumbatie mikono yake, mwingine ulaze kichwa kifuani. Ukitaka sikio la pili, mgeuze mtoto mzima. Kwa mtoto mdogo vuta sikio taratibu kuelekea chini na nyuma. Chagua koni kubwa kuliko zote inayoingia bila kusukuma. Mara nyingi itakuwa ya milimita 2.5, na kuna masikio ambayo hata hiyo haipiti. Ikigoma, acha. Sehemu ya ndani ya mfereji ni mfupa uliofunikwa ngozi nyembamba, ukiigusa unamuumiza, na safari ijayo hatakubali hata kuuona mlango wako.

Kama hukuiona ngoma, andika: "Kulia: ngoma haikuonekana, mfereji mwembamba, nta." Maneno hayo ndiyo yanayomfikisha mtoto kwa daktari wa masikio, pua na koo mwenye darubini na kifaa cha kunyonya nta.

Tuchukue mfano. Bibi kutoka Rungwe amemleta mjukuu wa miaka miwili na miezi minne, mwezi wa sita, baridi imeshika na mafua hayaishi. Unamwamkia, unamuuliza kuhusu usikivu, anajibu: "Anasikia, mwanangu. Nikimwita anageuka." Anasema kweli. Ila anamwita kwa sauti kubwa, akiwa karibu, na mtoto anaona kivuli au anahisi hatua sakafuni. Simama nyuma kidogo ya bega lake, nje ya upeo wa macho, umbali wa mita moja, utoe "sss" ya chini. Mpe sekunde kadhaa, maana wengi wao hujibu kwa kuchelewa. Asipogeuka, una sababu ya kumpeleka mbele. Akigeuka, usihitimishe kuwa anasikia vizuri, na mvua ikiwa inapiga mabati usijisumbue kupima siku hiyo.

Hospitali yenye timpanometa itampima jinsi ngoma inavyotikisika hewa inaposukumwa na kuvutwa. Tuseme masikio yote mawili yanatoa mstari bapa, usio na kilele. Mgeni wa kazi husema moja kwa moja: majimaji pande zote. Tazama kwanza namba ya ujazo wa mfereji iliyochapwa pembeni. Kushoto ni mililita 0.4, kulia 0.1. Mstari ni uleule, lakini sababu ni mbili. Kushoto kifaa kimepima mfereji wazi hadi kwenye ngoma isiyotikisika, kwa hiyo majimaji yanawezekana sana. Kulia kifaa kimegonga nta, au ncha yake imebanwa ukutani, na kuhusu ngoma hakijasema lolote. Ingekuwa namba kubwa, zaidi ya mililita 1, ungefikiria ngoma iliyotoboka. Mifereji ya watoto hawa ina ujazo mdogo hata ikiwa safi, hivyo namba ya leo ilinganishe na ya mtoto huyohuyo safari iliyopita. Kwa mtoto mchanga wa chini ya miezi sita kipimo kifanywe kwa sauti ya hezi 1000, kwa kuwa ile ya kawaida ya 226 hudanganya kwenye mifereji laini.

Sikio la kulia halijawahi kutoa usaha wala damu, kwa hiyo bibi anaelekezwa kutia matone mawili ya mafuta ya mzeituni, chupa ikiwa imepashwa moto kiganjani tu, asubuhi na jioni kwa siku tano, mtoto alale ubavu dakika tano. Vijiti vya pamba hapana, vinashindilia nta. Kupiga maji kwa bomba la sindano nako hapana, maana ngoma hatujaiona. Anaporudi, nta inatolewa chini ya darubini na ujazo unasoma 0.4, mstari bado bapa, ngoma imefifia na ina rangi ya manjano. Sasa tunajua: majimaji pande zote mbili.

Usimpe antibiotiki kwa hili. Hakuna maambukizi makali ya kutibu, na majimaji hayataondoka kwa sababu ya dawa. Arudi baada ya miezi mitatu na apimwe usikivu. Mwezi wa tisa mistari bado ni bapa, na kwenye kipimo cha spika anaanza kujibu kwenye desibeli 40. Kwa kiwango hicho sauti za k, s, t na p zinamponyoka: "kata" na "pata" kwake zinakaribiana mno. Kumbuka pia kwamba spika hupima masikio yote kwa pamoja, hivyo jibu ni la sikio lililo bora, na jingine laweza kuwa baya zaidi.

Hapo daktari ataamua kati ya kuweka mirija midogo kwenye ngoma na kumpa kifaa cha kusikia. Waambieni walezi mapema kwamba kwenye mfereji mwembamba mirija ni vigumu kuwekwa, mingi hudondoka ndani ya mwaka, na majimaji hurudi. Kifaa kinachopitisha sauti kwenye mfupa, kikifungwa kwa mkanda kichwani, hakihitaji mfereji uwe wazi, na hakifai kusubiriwa kama suluhisho la mwisho.

Ratiba yenyewe: mfereji mwembamba usioonyesha ngoma, darubini kila miezi mitatu hadi sita mpaka mfereji ukue. Usikivu kila miezi sita mpaka kila sikio lipimwe peke yake na lionekane zima, kisha kila mwaka. Aliyefaulu kipimo cha kuzaliwa naye yumo, kwa kuwa majimaji huja baadaye, na kwa watoto hawa hayaishi kwa urahisi hata wakianza shule. Nauli ya Makete au Ludewa hadi hospitali ya rufaa ni mzigo, kwa hiyo panga darubini na kipimo cha usikivu siku moja, na tarehe ya kurudi iandikwe kwenye kadi kabla bibi hajainuka kwenye kiti.