Uzito usiopungua na vivimbe vya ovari

"Nimeambiwa nina vivimbe kwenye ovari. Mbona nakula kidogo na bado sipungui?"

Pole, dada. Kuna aliyekujibu kabla yangu akikushauri uache wali kabisa; amepatia nusu tu. Kwa wengi wetu wenye hali hii ya vivimbe vingi vidogo kwenye ovari, yaani PCOS, mwili hauitikii ipasavyo insulini, homoni inayodhibiti sukari kwenye damu, hivyo kongosho huitoa kwa wingi, nayo ikizidi kwenye damu huzuia mafuta yaliyohifadhiwa yasitumike, huku ikizichochea ovari zitoe homoni za kiume kupita kiasi. Jitazame shingoni kwa nyuma: ngozi iliyogeuka nyeusi na nene kama mahameli huashiria kwamba mwili hauitikii insulini vizuri, ingawa wengine hawana dalili hiyo. Ukiwa na kilo 80, kupungua kilo 4 pekee kunaweza kurudisha hedhi, ndiyo maana mimi hufuatilia hedhi kuliko mizani.