Barua kwa mwanangu: Usimwache tajiri nje ya wimbo

"Baba, kwaya inataka wimbo wa Maria kwa mtindo wa utenzi. Wenzangu wanasema ule mstari wa matajiri utawakwaza watu kanisani. Naweza kuuruka?"

Mwanangu, usiuruke. Fungua Luka 1, mstari wa 52 na wa 53. Wakuu wanaangushwa, wanyonge wanakwezwa. Wenye njaa wanashibishwa, wenye mali wanaondolewa mikono mitupu. Ukimtoa tajiri, wenye njaa wanabaki wamepewa sadaka tu, na hakuna kiti kilichotikisika. Hana, mama yake Samweli, aliimba vivyo hivyo kabla ya Maria, katika 1 Samweli 2: walioshiba wamejikodisha wapate chakula, na wenye njaa wamepata raha. Maria alikuwa anauendeleza wimbo ambao kwao ulishajulikana.

Angalia na mpangilio: chini, juu, juu, chini. Nimejaribu ubeti mmoja, mizani nane kila kipande:

Wakuu amewashusha,
wanyonge kawapandisha,
wa njaa kawashibisha,
tajiri kamwacha kapa.

Kwanza niliandika "katoka kapa", nikaifuta, maana tajiri angeonekana kajiondokea mwenyewe. Katika Luka mtendaji ni Mungu tangu kipande cha kwanza hadi cha nne, na tena ameshatenda. Usiandike "atawashusha", hata kama mtu atakuambia ndivyo inavyofariji zaidi. Maria anaimba nyumbani kwa Elisabeti, mtoto bado yu tumboni, wala Herode hajaondoka kitini; bado anasema imekwisha fanyika. Ushupavu wa wimbo uko hapo.

Sasa sauti. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo katika kila kipande silabi ya saba ndiyo nzito: "amewaSHUsha", "kawapaNDIsha". Pigo kubwa la ngoma liangukie hapo, na noti ndefu iwe hapo. Tuni nyingi za kuazima humaliza kwa pigo kwenye silabi ya mwisho, ndipo unasikia "amewashuSHAA", na msikilizaji hapati neno. Kabla ya kuwafundisha wanakwaya, soma kipande huku ukipiga makofi. Kofi likigombana na neno, badilisha tuni, neno uliache.

Tuni yenyewe iende na maana: kipande cha kwanza kishuke, cha pili kiinuke, cha tatu kikae juu, cha nne kishuke ngazi kwa ngazi hadi noti ya chini kabisa. Besi wasiimbe "kapa" kwa kelele za ushindi. Huo si wimbo wa kuzomea.

Beti za mwanzo zimhusu Maria mwenyewe, mjakazi mnyonge aliyetazamwa, kwa sababu mageuzi yalianzia kwake kabla hayajafika kwa wafalme. Na kwa kuwa kina cha mwisho ni "-pa", ubeti wa kufungia, ule wa Ibrahimu na uzao wake, unaweza kuishia hivi: "ahadi aliyowapa". Vipande vitatu vya kuutangulia nakuachia wewe. Ukishavipata, nitumie pamoja na tuni.

Baba yako