Makala yangu ipo kwa jina la mtu mwingine

"Nimekuta makala yangu ya 2019 kwenye jarida jingine, jina si langu. Naanzia wapi?"

Pole ndugu. Kwanza pakua PDF yake, maana zipo zinazoondolewa kimyakimya. Tengeneza jedwali: aya zako kushoto, zake kulia, na namba za kurasa. Kama hata kosa lako la chapa limehamia kwake, liweke juu kabisa. Hapo mhariri hana pa kuchomokea.

Mwandikie mhariri mkuu wa jarida lililoitoa, uweke DOI zote mbili na tarehe, na mhariri wako apate nakala ya barua. Andika "mfanano mkubwa", neno "mwizi" liache. Majarida yanayofuata miongozo ya COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji, humwuliza kwanza mwandishi anayelalamikiwa, kwa hiyo huenda ikachukua miezi. Wakinyamaza, na hakimiliki iko kwa mchapishaji wako, yeye ndiye adai iondolewe.