Umelipia gigabiti, kipimo kinasoma 94: anza kuchunguza upande wako

Kaka yangu mkubwa alinipigia simu akiwa amechoka kabisa. Ameunganishiwa faiba ya gigabiti 1, analipa kila mwezi, na kila akipima kasi anapata megabiti 94 kwa sekunde badala ya 1000. Alishapiga simu huduma kwa wateja mara tatu. Mara zote tatu wamemwambia kwamba kwao laini inaonekana nzima. "Mdogo wangu, hawa watu wananiibia," akasema. Nikamwomba anisomee vipimo vitano vya mwisho. Akasoma: 94.1, 93.9, 94.2, 94.0, 94.1.

Pale pale nikajua tatizo haliko kwenye laini. Laini yenye hitilafu haitulii namna hiyo. Leo itakupa 310, baada ya saa moja 520, usiku 140. Namba isiyosogea hata kidogo, asubuhi na jioni, inakwambia kwamba kuna kitu kimefika mwisho wa uwezo wake, na mara nyingi kitu hicho kiko ndani ya nyumba yako.

Na 94 ni namba inayojitambulisha yenyewe. Tundu la mtandao la megabiti 100 halikupi 100 kamili kwenye kipimo. Kila pakiti inayopita kwenye kebo inabeba anwani, alama za kukagua makosa na nafasi ndogo ya kuitenganisha na pakiti inayofuata. Kwa kawaida, katika kila baiti 1538 zinazochukua nafasi kwenye waya, data yako halisi ni baiti 1448. Gawanya, utapata asilimia 94 na kidogo. Kwa hiyo tundu la megabiti 100 husoma 94, na tundu la gigabiti 1 likifanya kazi vizuri kabisa husoma 940 hivi. Shika namba hizo mbili. Ukiona 94, kompyuta au kebo imeshuka hadi megabiti 100. Ukiona 940, umefika mwisho, hakuna cha kulalamikia.

Nilipofika kwake nilifungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri kwenye kompyuta yake ya Windows, nikaandika:

```
Get-NetAdapter
```

Kwenye safu ya LinkSpeed ilisoma `100 Mbps`. Kwenye Linux ungepata jibu hilo hilo kwa `ethtool` ikifuatwa na jina la kadi ya mtandao. Hiyo ndiyo kasi ambayo kompyuta na ruta wamekubaliana kuzungumza, na kipimo chochote hakiwezi kuipita, hata uwe na faiba ya gigabiti 10.

Kadi yake ilikuwa ya gigabiti, na ruta pia. Kilichobaki ni kebo. Kebo ya mtandao ina nyaya nane ndani, zilizosokotwa mbili mbili. Gigabiti inazihitaji zote nane. Megabiti 100 inatumia nne tu. Mmoja wa zile nne nyingine ukikatika au ukikaa vibaya kwenye kichwa, kwa kawaida kompyuta na ruta hawakatiki mawasiliano wala hawatoi onyo. Wanashuka kimya kimya hadi kasi ambayo nyaya zilizobaki zinaweza kuimudu. Ndiyo maana kosa hili linadumu miezi bila kuonekana: intaneti ipo, video zinacheza, taa zinawaka. Nilichomoa kile kichwa cha plastiki nikakitazama kwenye mwanga wa dirisha. Waya wa kahawia ulikuwa haujafika mwisho, umeishia nusu ya njia. Nikaweka kebo nyingine niliyokuja nayo, ya Cat 5e, na LinkSpeed ikasoma `1 Gbps`.

Tukapima tena kwenye kivinjari. 410. Kaka akafurahi kidogo, kisha akakunja uso. "Si gigabiti 1 hii?"

Hapo kebo imeshatoka lawamani, na ukiangalia tu matumizi ya prosesa unaweza kudanganyika. Task Manager ilionyesha asilimia 35 wakati kipimo kikiendelea, na mtu angesema kompyuta imepumzika. Lakini ile ni wastani wa viini vyote vya prosesa, yaani sehemu zake zinazofanya kazi kila moja peke yake. Bofya grafu kwa kitufe cha kulia, chagua kuonyesha kila kiini peke yake, halafu pima tena. Kwa kaka kiini kimoja kilipanda hadi juu na kukaa hapo muda wote wa kipimo, huku vingine vikiwa havina kazi kubwa. Kipimo cha kwenye kivinjari ni programu inayoendeshwa ndani ya ukurasa. Data inafika ikiwa imefungwa kwa usimbaji, inafunguliwa, inapitishwa kutoka sehemu moja ya kivinjari hadi nyingine, kisha ukurasa unaihesabu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inaangukia kiini kimoja. Kwenye kompyuta mpya haina shida. Kwenye kompyuta ya miaka mingi, kwa kasi ya gigabiti, kiini hicho kinaelemewa kabla ya laini kujaa.

Juu ya hapo kaka alikuwa na viendelezi tisa, vichupo vingi visivyohesabika, na antivirusi iliyowekwa ikague kila kinachopita kwenye HTTPS. Antivirusi ya namna hiyo inafungua data, inaikagua, inaifunga upya, ndipo kivinjari nacho kinaifungua tena. Tulifunga vichupo, tukafungua dirisha la faragha lisilo na viendelezi, namba ikapanda hadi 620. Sikumshauri azime antivirusi kwa ajili ya kupata namba nzuri, na wewe usifanye hivyo. Njia safi zaidi ni kukwepa kivinjari kabisa. Kuna programu ya mstari wa amri ya Ookla, faili moja tu, unaiendesha hivi:

```
speedtest
```

Ikasoma 936. Laini ile ile, kompyuta ile ile, dakika chache tu zimepita. Zile megabiti 300 na zaidi zilizokuwa zinakosekana zilikuwa zinaishia ndani ya kivinjari.

Ningeweza kuondoka hapo, lakini kaka alikuwa na kipimo kingine, na hicho ndicho kilichokuwa kimemuuma zaidi. Mafaili yake ya kazi yako kwenye seva bara jingine, kwa hiyo kwenye orodha ya seva za kupimia alikuwa anachagua iliyo karibu na mafaili hayo. Alidhani ndicho kipimo cha haki. Muda wa kwenda na kurudi hadi kule ulikuwa milisekunde 160. Tulipopima kwa muunganisho mmoja tu, ikasoma 150 hivi. Nataka nikae kidogo hapa, kwa sababu ndipo watu wengi wanapowalaumu mafundi bila kosa.

Seva inapokutumia data kwa TCP, utaratibu unaohakikisha kila kipande kimefika, haimwagi tu bila kikomo. Inatuma kiasi fulani, kisha inasubiri kompyuta yako ijibu kwamba imepokea, ndipo iendelee. Kiasi hicho kinachoruhusiwa kuwa njiani bila kujibiwa kina kikomo, kinachowekwa na kumbukumbu iliyotengwa upande wa kutuma na upande wa kupokea. Sasa tuhesabu. Ili kujaza gigabiti 1 kwenye njia ya milisekunde 160, kunahitajika megabiti 160 ziwe njiani kwa wakati mmoja, yaani megabaiti 20. Tuseme seva imetenga megabaiti 3 tu kwa kila muunganisho. Hizo ni megabiti 24. Inazituma, inasubiri sekunde 0.16, inatuma nyingine. Gawanya 24 kwa 0.16, unapata 150. Hakuna kilichoharibika popote. Faiba muda mwingi iko tupu, inasubiri majibu yafike.

Peleka hesabu hiyo hiyo kwenye seva iliyo milisekunde 8 kutoka kwako. Megabaiti 3 zile zile zingeruhusu gigabiti 3 kwa sekunde, kwa hiyo kinachokuzuia sasa ni laini yako mwenyewe. Na hicho ndicho unachotaka kupima.

Umbali una tatizo la pili. Muunganisho mpya huanza polepole, kwa kawaida na pakiti 10, kisha unaongeza maradufu kila majibu yanaporudi. Kwa milisekunde 8 unafika juu kabla hujapepesa macho. Kwa milisekunde 160, kufika megabaiti 20 kunachukua raundi kama 11, karibu sekunde 2, na pakiti moja ikipotea njiani muunganisho unapunguza mwendo na kuanza kupanda tena. Kipimo cha sekunde chache kinaweza kuisha kikiwa bado kinapanda mlima. Hii ndiyo sababu vipimo vingi vinafungua miunganisho kadhaa kwa pamoja: kila mmoja una kikomo chake, ukivijumlisha njia inajaa. Kaka alipopima seva ile ile kwa miunganisho mingi, namba ilivuka 500. Kwake habari hiyo ilikuwa na maana kuliko kipimo chenyewe, maana sasa anahamisha mafaili yake kwa programu inayopakua vipande kadhaa kwa wakati mmoja.

Kuchagua seva ya karibu ni amri mbili. Ya kwanza inaonyesha orodha na namba ya kila seva, ya pili inapima kwa namba uliyochagua:

```
speedtest -L
speedtest -s 12345
```

Weka namba halisi badala ya 12345. Pima angalau seva tatu, kwa sababu seva yenyewe inaweza kuwa na tundu la gigabiti 1 linalogawanywa kwa kila anayepima dakika hiyo. Moja ikisoma 380 na mbili zikasoma 930, ya 380 ndiyo yenye shida.

Simu na waifai nimeviacha makusudi. Kipimo cha waifai kinakuonyesha hali ya hewani kati yako na ruta, nacho kina faida yake, ila usikitumie kama ushahidi dhidi ya mtoa huduma. Vilevile jihadhari na adapta ya mtandao inayochomekwa kwenye tundu la USB 2.0. Tundu hilo mwisho wake wa kinadharia ni megabiti 480, na kwenye matumizi hupati hata hizo.

Wiki sita baadaye kaka alinipigia tena. Safari hii alikuwa ameshapima mwenyewe: waya, LinkSpeed `1 Gbps`, mstari wa amri, seva tatu za karibu, asubuhi, mchana na usiku. Matokeo yalikuwa 280, 410, 190, yanarukaruka. Nikamwambia hapo sasa piga simu, na uwasomee hivyo hivyo kama ulivyonisomea. Hawakumrudisha kwenye habari ya kuzima na kuwasha ruta. Fundi akaja siku iliyofuata na kifaa cha kupimia mwanga, kikasoma dBm −28, yaani mwanga ulikuwa unafika hafifu mno. Akafuata faiba ukutani hadi nyuma ya kabati, akaikuta imebanwa na mguu wa kabati hadi imejikunja. Alipoinyoosha ikasoma −20. Kaka akapima akiwa fundi bado amepiga magoti: 938.