Kitasa kinachong'aa: maswali yenu kuhusu dondoo za gothiki

Dondoo letu lina nyumba mbovu, giza na mvua. Hiyo si inatosha kusema ni gothiki?
*Mwanafunzi wa Kidato cha Tano, Temeke*

Haitoshi. Masika yakizidi, nyumba za bonde la Msimbazi huingiwa na maji, kuta zikapasuka na milango ikaoza, na mwandishi anaweza kuyaeleza hayo kwa uchungu mkubwa bila kuandika hata sentensi moja ya gothiki, yaani fasihi ya hofu na siri zilizofichwa. Sababu ya uharibifu inajulikana na kila mtu anaitaja: mto ulifurika. Katika gothiki, uchakavu una sababu ambayo mtu fulani ndani ya nyumba anaijua na hataki kuisema.

Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Riwaya inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya aina hii, ya Mwingereza Horace Walpole, ilitoka mwaka 1764. Ngome iliyomo haitishi kwa ukongwe wake tu. Inatisha kwa sababu familia inayoitawala iliipata kwa dhuluma: babu wa mtawala wa sasa alimuua mwenye mali kwa sumu, na wajukuu wanaishi juu ya uovu ambao hawakuutenda lakini wanaufaidi. Kwa hiyo ukikuta ukuta uliopasuka, uliza: nyumba hii ni ya nani, na kabla ya hawa ilitokea nini humo? Kama dondoo halina hata dalili ya jibu, sema kwamba mandhari ni ya huzuni au ya ufukara. Usilazimishe gothiki.

Tupeni dondoo fupi mtuonyeshe mnavyoanza. Sisi tukipewa tunabaki kusimulia upya tu.
*Kikundi cha wanafunzi, Mbagala*

Hili tumelitunga kwa ajili yenu:

> Nyumba ya marehemu babu ilikuwa na vyumba saba, lakini sisi tulizoea kuhesabu sita. Chokaa ilibanduka ukutani kwa vipande vinene, na mawe ya nyuma yake yalitoa unyevu usiku na mchana, kama mgonjwa anayetoka jasho. Vumbi lilifunika makochi, picha na saa iliyosimama. Kitasa cha mlango wa mwisho peke yake ndicho kilichong'aa. Nilipomuuliza bibi nani huufungua, alipunguza utambi wa taa, akasema, "Kula kwanza, mjukuu wangu." Ndani ya chumba kile kitu kizito kilisogezwa, taratibu, kisha kikatulia.

Soma mara ya kwanza bila kalamu, ujue tu nani anasimulia, yuko wapi, na kitu gani kimebadilika kati ya sentensi ya kwanza na ya mwisho. Mara ya pili shika kalamu, uzungushie duara kila mahali ambapo mambo hayalingani. Hapo ndipo mwandishi wa gothiki huficha kazi yake, na msomaji anayesaka tamathali za usemi peke yake hupapita.

Hapa mambo hayalingani mahali patatu. Vyumba ni saba, vinavyohesabiwa ni sita. Nyumba nzima ina vumbi, kitasa kimoja kinang'aa. Msimulizi ameuliza kuhusu mlango, amejibiwa kuhusu chakula.

Kaa na kitasa, maana ndicho chenye utajiri. Vumbi halikai panaposhikwa mara kwa mara, kwa hiyo kuna mtu anayeingia chumba kile. Makochi na saa, ambavyo familia ingevitumia na kuvitunza, vimeachwa. Maana yake ni kwamba kazi pekee inayoendelea bila kukatika katika nyumba hii ni ya kuulinda mlango ule. Mwandishi hajasema "kuna siri." Ameweka ushahidi wake juu ya chuma, akamwachia msomaji aukute. Msomaji anayeigundua siri mwenyewe huogopa zaidi ya anayeambiwa.

Sasa rudi kwenye neno "tulizoea". Mazoea hufundishwa. Mtu fulani aliwafundisha watoto hawa kuruka chumba kimoja, nao wakashika, hata msimulizi mwenyewe. Kumbe siri si ya bibi peke yake. Nyumba nzima inashiriki kuitunza, na anayetusimulia yumo.

Bibi anapoulizwa hupunguza utambi. Ameombwa aeleze, naye anapunguza mwanga. Kitendo hicho kimoja kinafanya kazi ya aya nzima ya maelezo, na hakina sifa hata moja ya kutisha ndani yake. Sauti yake ni ya upole, anamwita "mjukuu wangu", na upole huo ndio unaotia wasiwasi: angekasirika, tungejua ameudhika na swali. Neno "kwanza" nalo linaahidi kwamba kuna la baadaye, kisha sentensi inayofuata inatuonyesha kwamba la baadaye halisubiri chakula kiishe.

Tashibiha ya ukuta tumeiacha mwisho kwa makusudi. Wengi huikimbilia kwa kuwa ni rahisi kuitaja jina. Kuitaja hakuna thamani mpaka uiunganishe na mengine: ugonjwa huanzia ndani na huonekana kwenye ngozi, na ukuta huu unatoa nje kitu ambacho wakaaji wake wanakizuia ndani.

Mwalimu anataka tutenganishe hofu na kitisho. Mimi naona ni kitu kimoja.
*Msomaji, Kinondoni*

Aliyeeleza tofauti hii vizuri ni mwandishi Ann Radcliffe, katika makala iliyochapishwa mwaka 1826, miaka mitatu baada ya kifo chake. Kwake, hofu huipanua nafsi na kuziamsha nguvu zake zote, ilhali kitisho huibana na kuigandisha. Hofu huhitaji jambo lisiloonekana vizuri. Kitisho huja jambo likishaonekana.

Njia ya kupima ni kubadilisha sentensi moja. Tuseme dondoo letu lingeisha hivi: "Mlango ukafunguka, nikaona maiti iliyovimba, macho yakiwa wazi." Hapo msomaji hana tena la kujiuliza. Anachotaka ni kugeuza uso. Lakini "kitu kizito kilisogezwa" hakisemi ni kitu gani, na kauli ya kutendwa inamficha mtendaji. Nani alikisogeza? Sarufi yenyewe imefunga mlango. Kisha tazama mkato kabla na baada ya neno "taratibu": unapunguza kasi ya kusoma mahali ambapo msomaji anataka kufika haraka. Ukiandika kwamba taharuki inatokana na kauli ya kutendwa na mwendo wa sentensi, umetoa hoja inayoweza kuthibitishwa kwa kidole juu ya karatasi.

Dondoo moja linaweza kuwa na vyote viwili. Onyesha mstari ambapo hofu inageuka kitisho, na useme nini kimefichuliwa hapo.

Niliandika hivi nikapata alama chache: "Mwandishi ametumia nyumba mbovu, giza na sauti za ajabu ili kumfanya msomaji aogope. Pia ametumia tashibiha." Kosa liko wapi?
*Mwanafunzi wa Kidato cha Sita, Ilala*

Sentensi zako zinaweza kubandikwa kwenye dondoo lolote la gothiki zikafaa. Hiyo ndiyo dalili ya ugonjwa. Hakuna neno hata moja lililonukuliwa, vitu vitatu vimerundikwa pamoja bila kuonyesha vinavyohusiana, na "aogope" haisemi anaogopa nini wala kwa nini aogope hapo na si mstari uliotangulia. Tena ungeandika hivyo kuhusu dondoo letu la juu, "sauti za ajabu" isingekuwa kweli: iko sauti moja, nayo ni ya kawaida kabisa, kitu kusogezwa. Inatisha kwa sababu ya chumba inamotoka.

Chagua jambo moja, nukuu maneno machache tu, matatu hadi sita, kisha tumia nafasi yako kubwa kueleza yanavyofanya kazi. Kwa mfano:

"Siri ya nyumba inaonekana kwanza katika hesabu. Msimulizi anakiri kwamba vyumba ni saba lakini 'tulizoea kuhesabu sita'. Kitenzi 'tulizoea' kinaonyesha kwamba kukisahau chumba kile ni tabia iliyojengwa kwa muda mrefu, na nafsi ya wingi inaihusisha familia nzima. Kwa hiyo msomaji anaingia katika nyumba ambayo hakuna wa kumwamini, hata anayemwongoza, na wasiwasi unaanza kabla hakijatokea chochote."

Sentensi nne, nukuu ya maneno matatu. Aya tatu za namna hiyo zina uzito kuliko kurasa mbili za orodha.

Siri haijatajwa kwenye dondoo. Niikisie?
*Msomaji, Ubungo*

Usikisie. Ukiandika kwamba chumbani amefungwa mke wa kwanza wa babu, umetunga hadithi yako na msahihishaji hana pa kuitafuta. Eleza umbo la siri badala ya yaliyomo: nani anaijua, nani anaitafuta, kitu gani kinaivujisha. Kwetu hapa, bibi anajua, mjukuu ameanza kutafuta, kitasa na sauti vinavujisha.

Je, lazima pawe na mzimu au jini?
*Msomaji, Kigamboni*

Si lazima. Kwa Walpole miujiza ni ya kweli ndani ya hadithi. Radcliffe, kinyume chake, alizoea kuyaeleza mwishoni mambo yaliyotisha kuwa na sababu za kawaida. Njia zote mbili ni gothiki halali, na dondoo fupi mara nyingi halikuonyeshi mwandishi atafuata ipi. Andika hivyo hivyo: sauti ya chumbani inaweza kuwa ya mtu au ya kisicho mtu, na dondoo linakataa kuamua.

Hapa wasomaji wetu wa Pwani hukosea kwa namna yao. Katika ngano tulizokulia, jini akitokea hujulikana ni jini, ana makao yake, ana anachotaka, na kuna mtu anayejua la kufanya. Hofu ipo, lakini ina jina na dawa. Gothiki humnyima mhusika vyote viwili. Ukiandika "chumbani kuna jini" umempa msimulizi jibu ambalo dondoo limemnyima makusudi, na uchambuzi wako unafia hapo.

Dondoo tunazopewa ni za Kiingereza cha karne ya 19. Nusu ya maneno siyajui.
*Mwanafunzi wa Kidato cha Tano, Tegeta*

Sifa za majengo ndizo hasa ngumu: majina ya sehemu za ngome, aina za madirisha, vitambaa vya ukutani. Mengi unaweza kuyapita ukajua tu kwamba ni sehemu ya jengo. Weka nguvu kwenye vitenzi na viunganishi, ambavyo kwa kawaida ni vyepesi zaidi. Nani anafungua, nani anafunga, nani anageuka, nani hajibu? Tafuta penye "lakini" na "isipokuwa", kwa sababu kutolingana hujificha hapo. Na neno usilolijua usilinukuu, hata likionekana zuri kiasi gani, kwa kuwa sentensi inayofuata itakudai ulieleze.